Thamani Halisi ya Sasa na Kiwango cha Ndani cha Mapato: Vikipingana, Ufuate Kipi?

Tuchukue banda la kukoboa mpunga pale Ifakara, lenye nafasi na umeme wa mashine moja tu. Mwenye banda akinunua mashine ndogo, kubwa ameikosa. Tuseme ndogo inauzwa shilingi milioni 20 na, ukishalipa umeme, vibarua na matengenezo, inakubakizia milioni 8 kila mwaka kwa miaka 5. Kubwa inauzwa milioni 60 na inabakiza milioni 21 kila mwaka kwa muda uleule. Mtaji unamgharimu asilimia 15 kwa mwaka.

Thamani halisi ya sasa hupatikana kwa kurudisha kila pato la baadaye kwenye thamani ya leo, kisha kutoa mtaji uliowekwa mwanzoni. Milioni 8 za mwaka wa kwanza zinagawanywa kwa 1.15, za mwaka wa pili zinagawanywa kwa 1.15 mara mbili, na kuendelea. Neno "halisi" hapa lina maana ya kilichobaki baada ya kutoa gharama ya kuanzia. Tusilichanganye na "halisi" ya wachumi wanaposema bei zilizoondolewa mfumuko. Kwa hesabu hiyo mashine ndogo inaacha takriban milioni 6.8 na kubwa milioni 10.4.

Kiwango cha ndani cha mapato ni kile kiwango cha punguzo kinachoifanya thamani halisi ya sasa iwe sifuri. Kinaitwa cha ndani kwa sababu kinatoka kwenye mapato na matumizi ya mradi wenyewe, bila kuuliza benki inatoza riba gani. Mashine ndogo inapata kama asilimia 28.6, kubwa asilimia 22.1. Sasa vipimo vimepingana: kimoja kinasema nunua kubwa, kingine kinasema nunua ndogo.

Wengi huvutwa na asilimia, na naelewa kwa nini, maana 28.6 inasikika kama mshindi wa wazi. Lakini asilimia haisemi ni ya fedha kiasi gani. Mwenye milioni 60 akichagua mashine ndogo, milioni 40 zinabaki mkononi, na asilimia 28.6 haizihusu hata kidogo. Zikienda mahali panapolipa asilimia 15 tu, haziongezi chochote juu ya gharama ya mtaji, naye atabaki na milioni 6.8 zake huku akiwa ameziacha 10.4.

Njia ya kuumaliza mvutano ni kuipima tofauti yenyewe kama mradi unaojitegemea. Kutoka mashine ndogo kwenda kubwa unaongeza milioni 40 leo ili upate milioni 13 zaidi kila mwaka kwa miaka 5. Kiwango cha ndani cha nyongeza hiyo ni karibu asilimia 18.7. Kwa kuwa mtaji unagharimu 15, nyongeza inalipa, na kubwa ndiyo chaguo. Kwenye lahajedwali, weka miaka kuanzia mwaka 0 kwenye mistari ya 2 hadi 7, mashine ndogo safu ya B, kubwa safu ya C, na kwenye safu ya D weka C kutoa B. Kisha:

```
=NPV(15%,C3:C7)+C2
=IRR(D2:D7)
```

Mtaji wa mwaka 0, ulioandikwa kwa alama ya kutoa, uko nje ya mabano makusudi. NPV ya Excel hupunguza hata namba ya kwanza kwa mwaka mzima, hivyo anayeanzia C2 ndani ya mabano hupata jibu lisilo sahihi, na hakuna onyo lolote linalotokea.

Hiyo asilimia 18.7 ndiyo pia mahali ambapo thamani halisi za mashine mbili zinalingana. Gharama ya mtaji ikipanda hadi asilimia 20, ndogo inaacha milioni 3.9 na kubwa 2.8, na vipimo vyote viwili vinaafikiana kuwa ndogo ni bora. Kwa hiyo, kabla ya kubishana juu ya vipimo, hakikisha unaijua gharama ya mtaji wako, hasa inapokaribia 18.7, ambapo kosa dogo linageuza uamuzi.

Uamuzi wa kuchagua kubwa unasimama kwa sababu banda ni moja. Kama zingekuwepo nafasi 3 za namna hiyo, na wateja wa kutosha kwa kila moja, milioni 60 zilezile zingenunua mashine ndogo 3 zenye jumla ya thamani halisi ya milioni 20.5, karibu maradufu ya mashine kubwa. Hapo kanuni haijabadilika, ila miradi inayoshindanishwa siyo ileile tena. Anayelinganisha aorodheshe kwanza kila kinachowezekana kwa mtaji wote alionao, ndipo afungue lahajedwali.