Buwenge: Jozi ipi ya picha za setilaiti huonyesha mabadiliko?

Mji wa Buwenge, kaskazini mwa Jinja, umezungukwa na mashamba ya miwa. Anayetafuta vichaka vilivyofyekwa huko asilinganishe picha ya Mei na ya Januari, kwani mvua za masika huigeuza nchi nzima kuwa kijani. Jozi bora ni Januari mbili za miaka tofauti, zote bila mawingu.

Hata hivyo, shamba lililovunwa karibuni hufanana na kichaka kilichofyekwa. Hapo iongezwe picha ya tatu, ya miezi kadhaa baadaye: miwa huchipua tena kutoka mashina yaliyokatwa, ndani ya mipaka ileile, kichaka hakirudi hivyo. Picha za Landsat, ambazo nukta moja hufunika mita 30 kwa 30, hulionyesha shamba, si kibanda.