Mtandao uliofichwa: kujiunga kwa kuandika jina

Mtandao uliofichwa ni mtandao wa waifai ambao ruta yake imezuiwa kutangaza jina lake. Anayetaka kujiunga nao hauoni kwenye orodha ya simu. Hulazimika kufungua mipangilio, kugusa `Add network` na kuliandika jina herufi kwa herufi. Jijini Mwanza na katika miji mingine ya kandokando ya Ziwa Viktoria, mitandao hiyo hukutwa hasa maofisini na kwenye nyumba za wageni, ambako mwenye ruta hataki wapita njia wamsumbue kwa kuomba nenosiri. Jaribio la kujiunga hushindwa mara kwa mara, na lawama ya kwanza huangukia nenosiri. Kwa kawaida kosa liko kabla ya hapo, kwenye jina lenyewe au kwenye swichi moja ndogo iliyo chini yake.

## Jinsi jina linavyofichwa

Ruta hutuma tangazo fupi la redio takriban mara 10 kwa sekunde. Tangazo hilo hubeba jina la mtandao, aina ya usalama unaotumika na mambo mengine ambayo simu inahitaji kabla ya kuunganishwa. Jina linapofichwa, tangazo haliachi kutoka. Linaendelea kwa kasi ileile, ila sehemu ya jina huwa tupu.

Kinachobadilika zaidi ni namna ruta inavyojibu. Simu ikiuliza kwa ujumla ni nani aliye karibu, ruta iliyofichwa hukaa kimya. Ikiitwa kwa jina lake kamili, hujibu. Ikiitwa kwa jina lililokosewa hata kidogo, hukaa kimya vilevile, wala hairudishi taarifa yoyote kwamba umekaribia kupata. Hapo ndipo ugumu wote ulipo: jina lililokosewa, ruta iliyozimwa na ruta iliyo mbali humfikia mtumiaji kwa sura moja, yaani kimya.

## Jina

Kiwango cha waifai kinaruhusu jina lenye baiti 0 hadi 32, na hulinganishwa baiti kwa baiti. Kwa hiyo `Mwaloni`, `mwaloni` na `MWALONI` ni mitandao mitatu tofauti. Kibodi ya simu nayo hujifanya msaidizi: hukuza herufi ya kwanza bila kuombwa, hubadilisha neno isilolijua kuwa la Kiingereza, na mtu akichagua neno lililopendekezwa, huongeza nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo haionekani kwenye skrini, lakini ni baiti moja kamili.

Katika Kanda ya Ziwa kuna tatizo jingine ambalo maelezo ya kiufundi yaliyoandikwa kwingineko hayaligusi: ritifaa, ambayo wengi huiita koma ya juu. Kiswahili kinaihitaji katika *ng'ombe* na *ng'ambo*. Kisukuma kinaihitaji zaidi, na majina ya mahali yamejaa alama hiyo: Ng'haya wilayani Magu, Nyang'hwale mkoani Geita. Watu huyaandika majina hayo kwa namna kadhaa, na kila namna ni sahihi machoni pa msomaji. Kwa ruta, namna iliyo sahihi ni moja tu.

Hata anayeijua tahajia bado hajafika. Ritifaa ina maumbo mawili yanayotumika sana. Ile iliyonyooka ndiyo inayotolewa na kibodi nyingi, nayo huchukua baiti 1. Ile iliyopinda ndiyo ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe badala ya iliyonyooka, na huchukua baiti 3. Jina la Nyang'hwale likiandikwa kwa maumbo hayo mawili huwa hivi ndani ya mashine:

```
Nyang'hwale   4E 79 61 6E 67 27 68 77 61 6C 65
Nyang’hwale   4E 79 61 6E 67 E2 80 99 68 77 61 6C 65
```

La kwanza lina baiti 11, la pili 13. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ni neno moja. Fundi akinakili jina kutoka kwenye barua iliyochapwa kwa kompyuta na kulibandika kwenye ukurasa wa ruta, ametengeneza mtandao wa baiti 13. Mgeni anayegusa kitufe cha ritifaa kwenye simu yake huita mtandao wa baiti 11, nao haupo. Anaweza kurudia mara ishirini kwa uangalifu mkubwa bila kupata jibu.

Jambo hilohilo huwapata wanaotumia intaneti ya iPhone ya mwenzao. Ikiwa simu hiyo imewekwa kwa Kiingereza, jina lake la awali huundwa kwa jina la mwenyewe na ritifaa iliyopinda.

Jina pia haliishii kwenye kutafutana tu. Katika usalama wa WPA2 wa nyumbani, ufunguo halisi hukokotolewa kwa kuchanganya nenosiri na jina la mtandao, kwa mizunguko 4096. Nenosiri moja chini ya majina mawili hutoa funguo mbili zisizofanana.

## Swichi ya `Hidden network`

Katika simu nyingi za Android za sasa, chini ya sehemu ya jina na nenosiri kuna mipangilio ya ziada, na ndani yake swichi iitwayo `Hidden network`. Simu huja ikiwa imewekwa `No`. Mtu akiandika jina sahihi na nenosiri sahihi, kisha akaacha swichi ilivyo, simu huuhifadhi mtandao na kusubiri kulisikia jina likitangazwa. Halitatangazwa. Mtandao utakaa kwenye orodha ya iliyohifadhiwa ukionyeshwa kuwa hauko karibu, hata kama ruta iko juu ya meza ileile. Ikiwekwa `Yes`, simu huanza kuita kwa jina, na ruta hujibu.

Matoleo ya zamani ya Android yalichukulia kwamba mtandao wowote ulioandikwa kwa mkono umefichwa, yakaiweka hali hiyo yenyewe. Wengi waliozoea simu hizo hawakuwahi kuiona swichi, ndiyo maana wanapobadilisha simu hushangaa njia waliyoijua imekataa.

Kwenye Linux neno linalofanya kazi hiyo huwekwa mwishoni mwa amri:

```
nmcli device wifi connect "Nyang'hwale" password "nenosiri" hidden yes
```

## Aina ya usalama

Anayeandika jina huulizwa pia aina ya usalama, na kwenye simu nyingi chaguo la awali ni kwamba hakuna usalama wowote. Akichagua WPA3 wakati ruta inatumia WPA2 pekee, simu hutafuta mtandao ambao haupo. Matokeo ni kimya kilekile.

## Masafa na umbali

Simu yenye redio ya gigahezi 2.4 pekee haitaipata ruta iliyowekwa kwenye gigahezi 5. Ndani ya gigahezi 5 kuna pia chaneli, kuanzia 52 hadi 144, ambazo hutumiwa na rada vilevile. Huko simu hairuhusiwi kuita ovyo kabla ya kusikia ruta, hivyo utafutaji huwa mzito na vifaa vingine hushindwa. Katika nyumba za Mwanza zilizojengwa kati ya majabali, gigahezi 5 hufifia upesi nyuma ya jiwe.

## Kutambua kosa liliko

Tuchukue nyumba ya wageni yenye mtandao uliofichwa, na mgeni aliyepewa kikaratasi chenye jina Nyang'hwale na nenosiri. Ameandika vyote, simu inasema mtandao hauko karibu.

Jambo la kwanza ni kuusoma ujumbe huo kwa makini. Simu ikisema nenosiri si sahihi, au kwamba uthibitishaji umeshindikana, jina limeshapita: ruta imeitwa, imeitika, na sasa shida ni nenosiri. Simu ikisema haioni mtandao, nenosiri halijafikiwa kabisa, na kulirudia ni kupoteza muda. Mgeni wetu yuko kwenye hali ya pili.

Anafuta mtandao alioukosea, kwa sababu ukibaki umehifadhiwa huwachanganya watu baadaye. Anaandika upya, anahakikisha hakuna nafasi tupu mwishoni, anaweka `Hidden network` kuwa `Yes`. Bado kimya. Hapo inafaa kompyuta ya Windows iliyo karibu na ruta, kwa amri hii:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Orodha itakayotoka itakuwa na mtandao mmoja wenye nafasi tupu mahali pa jina. Chini yake pameandikwa aina ya usalama, nguvu ya mawimbi na chaneli. Tuseme inaonyesha `WPA2-Personal`, chaneli 6, mawimbi asilimia 80. Ruta inawaka, iko karibu, iko kwenye gigahezi 2.4 ambayo simu yoyote inaifikia, na usalama aliouchagua mgeni ndio wenyewe. Lililobaki ni jina.

Anamwomba mhudumu afungue ukurasa wa ruta na kulitazama jina lilivyoandikwa humo. “Dada, hiyo koma ya juu imenyooka au imepinda?” Imepinda. Kwenye kibodi ya simu anakibonyeza kitufe cha ritifaa bila kukiachia, maumbo mengine yanajitokeza juu yake, anachagua lililopinda, na simu inaunganishwa. Dawa ya kudumu iko upande wa ruta: jina lenye herufi za kawaida tu, lisilo na ritifaa wala nafasi, hata kama inauma kuliandika Nyang'hwale bila alama yake.

## Usalama wa kuficha

Kuficha jina hakuilindi ruta. Jina hutamkwa wazi hewani kila kifaa halali kinapojiunga, na programu za kusikiliza mawimbi hulinasa hapohapo. Gharama inamwangukia mtumiaji: simu iliyowekewa `Yes` inaweza kuendelea kuliita jina hilo kila iendako, stendi ya Nyegezi au juu ya daraja la Kigongo–Busisi, na yeyote anayesikiliza hujua mwenye simu ni mgeni wa mtandao upi. Android yenyewe huonya kuhusu hilo mtu anapoigeuza swichi.

## Hali ya sasa

Uandishi wa mkono unaupisha msimbo wa kuskani kwa kamera, ambao hubeba aina ya usalama, jina, nenosiri na hali ya kufichwa kwa pamoja:

```
WIFI:T:WPA;S:Nyang'hwale;P:nenosiri;H:true;;
```

Ritifaa hupita humo ilivyo, yoyote itakayowekwa. Anayeutengeneza msimbo akisahau `H:true`, simu itausoma mtandao kama usiofichwa na kuusubiri ujitangaze.