Mafuta yakipungua kituoni: ni mvuke, lori, pampu au mhudumu?

Katika vituo vingi vidogo vya mafuta, hesabu ya jioni ikionyesha upungufu, mhudumu wa pampu ndiye hukatwa mshahara. Mwenye kituo husema mafuta yameibwa, mhudumu husema yamegeuka mvuke. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, na njia ya kujua ni kulinganisha vitu vitatu: kipimo cha tangi, mita ya pampu na mzigo ulioletwa na lori.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua mafuta yaliyokuwa tangini asubuhi, ongeza yaliyoletwa, toa yaliyouzwa. Jibu ni mafuta yanayopaswa kuwepo. Kisha pima tangi tena jioni uone yaliyopo kweli. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayobishaniwa.

Tuanze na tangi. Hupimwa kwa fimbo ndefu yenye alama, ambayo wahudumu wengi huiita dipu. Pampu zote husimamishwa, fimbo huteremshwa hadi chini, hutolewa, na sehemu iliyolowa husomwa. Hurudiwa mara ya pili, na kama vipimo viwili havifanani hupimwa tena. Mwisho wa fimbo hupakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, kwa sababu maji yaliyoingia tangini hukaa chini na kuyainua mafuta, yakaonekana mengi kuliko yalivyo. Kina hicho hugeuzwa kuwa lita kwa kusoma jedwali la tangi husika. Jedwali la tangi la jirani halifai.

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Tangi la kituo kwa kawaida ni kama pipa lililolazwa. Chukua tangi la lita 10,000 lenye kipenyo cha mita 2. Katikati yake, sentimita moja ya kina ni lita 64 hivi. Ukiwa sentimita 10 tu kutoka chini, sentimita moja ni kama lita 28. Kwa hiyo anayesoma fimbo kwa kukosea milimita 5, tangi likiwa nusu, amekosea lita 32 bila hata tone kumwagika. Kumkata mtu mshahara kwa lita 30 za siku moja ni kumkata kwa unene wa kidole.

Kuhusu mita, inayosomwa ni ile ya jumla, isiyorudi kwenye sifuri kila mteja anapokuja. Toa namba ya asubuhi kwenye namba ya jioni. Kuna jambo moja husahaulika: pampu ikijaribiwa kwa ndoo maalumu ya lita 20, mafuta hayo hupita kwenye mita lakini hurudishwa tangini. Hayakuuzwa, hivyo yasihesabiwe kama mauzo.

Sasa tuchukue mfano wa kituo cha nyanda za juu, tuseme karibu na Njombe, kinachopokea petroli kutoka Dar es Salaam. Asubuhi tangi lina lita 3,200. Lori linaleta lita 5,000 kwa mujibu wa hati. Mita ya jumla imetoka 418,260 hadi 419,680, yaani lita 1,420. Ukitoa lita 20 za majaribio, mauzo ni 1,400. Jioni panapaswa kuwa na lita 6,800. Fimbo inasema 6,742. Zimepungua 58.

Je, mvuke unaweza kula lita 58? Vituo vingi hujiwekea kiwango cha upotevu kinachokubalika. Kwa mfano huu tuseme ni nusu lita kwa kila lita 100 za petroli zilizouzwa, yaani lita 7 kwa siku hiyo. Dizeli hupewa kiwango kidogo zaidi kwa kuwa haigeuki mvuke kwa urahisi. Bado lita 51 hazina maelezo, na kwa hesabu ya haraka mhudumu yuko matatani.

Lakini kituo hiki kilipima tangi kabla na baada ya lori kushusha, pampu zikiwa zimefungwa, na baada ya kushusha kilisubiri mafuta yatulie kwanza. Kabla palikuwa na lita 2,600, baada 7,552. Yaliyoingia ni 4,952, pungufu ya hati kwa lita 48. Upungufu mkubwa ulikuja na lori. Zilizobaki ni lita 10 tu kwa siku nzima, ambazo fimbo pekee inaweza kuzikosea.

Lita 48 hazithibitishi kwamba dereva ameiba. Petroli husinyaa ikipoa: kila nyuzi moja ya joto inaposhuka, lita 1,000 hupungua kwa lita 1.2 hivi. Mzigo uliopakiwa Dar es Salaam ukiwa na nyuzi 31 na kufika ukiwa na nyuzi 24 hupungua kama lita 42. Tena petroli inapomiminwa tangini husukuma nje, kupitia bomba la kupumulia, hewa iliyojaa mvuke. Upotevu huo huwa lita moja hadi mbili kwa kila lita 1,000. Ukijumlisha, lita 48 zinaelezeka. Ndiyo maana joto la mafuta lipimwe kabla ya kushusha, na lakiri za lori zikaguliwe zikiwa bado hazijakatwa. Mafuta yakiwa chini ya alama ya lori, lakiri zikiwa nzima na joto likiwa limeshuka, kupoa ni maelezo ya kutosha. Joto lisiposhuka, andika upungufu kwenye hati na dereva asaini kabla ya kuondoka.

Siku moja husema machache. Andika tofauti ya kila siku kwa mwezi mzima na uijumlishe, kwa sababu makosa ya fimbo huenda juu na chini yakafutana, lakini upotevu wa kweli hujilimbikiza. Kisha angalia unafuata nini. Ukipanda siku za lori, tatizo liko kwenye upokeaji. Ukiongezeka siku za mauzo makubwa, pampu huenda inatoa zaidi ya inavyoonyesha. Mililita 60 za ziada katika kila lita 20 haziwezi kuonekana kwa macho, lakini kwa mauzo ya lita 1,400 ni zaidi ya lita 4 kila siku, karibu 126 kwa mwezi. Ukiendelea hata usiku pampu zimelala, fimbo ya alfajiri ikawa chini ya fimbo ya jana usiku mara kwa mara, shuku tangi au bomba linavuja. Hapo kuna zaidi ya fedha, hasa kama kuna kisima karibu. Mvuto wa lita 6 kwa siku hauonekani kwenye fimbo, lakini kwa siku 30 ni lita 180.

Wizi wa kuchota usiku pia huonekana hivyo hivyo, ila huja kwa kuruka: siku kadhaa shwari, kisha pengo la ghafla.

Kuna namba moja ambayo wenye vituo hawailalamikii. Ni ziada. Petroli haiongezeki yenyewe tangini. Ziada ya siku moja inaweza kuwa fimbo, au mzigo uliopata joto. Lakini kituo chenye ziada kila wiki, mwezi baada ya mwezi, na ambacho hakina maji tangini, mara nyingi kina pampu inayotoa pungufu, na anayelipa ni mwenye bodaboda na mwenye mashine ya kusaga. Kwa Tanzania, pampu hukaguliwa na kufungwa lakiri na Wakala wa Vipimo, na mteja mwenye shaka anaweza kupeleka malalamiko yake huko.