Nukta Mbili Zinazotenga "Niliweza" na "Ningeweza"

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 13, 2024, vijana wa hapa Kitale wamekuwa wakiniletea barua zao za Kijerumani nizikague. Majuzi alikuja muuguzi mmoja kutoka Bungoma. Alitaka kumwomba mwajiri msaada, akaandika: *Konnten Sie mir helfen?*

"Mwalimu, si hapo nimeomba kwa heshima?"

"La, mwanangu. Hapo umemuuliza, 'Je, uliweza kunisaidia?' Ombi lilitaka *könnten*."

"Kwani nukta mbili tu ndizo zimeniharibia?"

Ndizo hasa, na zina historia. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Kijerumani cha kale kilikuwa na *wari*, yaani "ningekuwa". Irabu *i* ya mwisho iliuvuta ulimi mbele, ikaibadilisha *a* iliyotangulia. Baadaye *i* ilififia ikawa *e*, lakini athari yake ikabaki: *wäre*. Waandishi waliionyesha sauti hiyo mpya kwa kuandika *e* ndogo juu ya herufi. Katika mwandiko wa mkono, *e* hiyo ilipungua ikawa vijistari viwili, kisha nukta. Ndiyo maana simu isiyo na nukta hizo hukuruhusu kuandika *koennten*. Ukiiacha *e* pia, umebadilisha maana.

Kwa hivyo tunapata jozi hizi: *war* ni nilikuwa, *wäre* ni ningekuwa, *hatte* ni nilikuwa na, *hätte* ni ningekuwa na, *konnte* ni niliweza, *könnte* ni ningeweza. *Möchte*, "ningependa", ni ya ukoo huohuo. Umbo limetoka katika wakati uliopita, lakini halizungumzii jana. Linaliweka jambo mbali na uhalisia, kama *-nge-* yetu.

Hapo ndipo adabu inapozaliwa. *Ich will Wasser*, "nataka maji", humkabili mtu moja kwa moja. *Ich hätte gern Wasser* humwachia nafasi ya kukataa. Aliye ugenini na kutamani nyumbani husema: *Wäre ich doch in Kitale!* Laiti ningekuwa Kitale!

Tahadhari moja. Si kila kitenzi hupata nukta. *Sollte* na *wollte* hubaki vivyo hivyo, na *kaufte* ni "nilinunua" na pia "ningenunua". Ili kuondoa utata, Wajerumani huazima *würde*: *Wenn ich Geld hätte, würde ich ein Haus kaufen*, yaani ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba. Na fursa ikishapita, pale tunaposema "ningalinunua", wao husema *ich hätte gekauft*.

Muuguzi wetu aliongeza nukta mbili, akaituma barua. Sasa ilikuwa inaomba.