Slipu za mshahara na leja zikitofautiana: tofauti yenyewe inakuambia kosa liko wapi

Kila mwezi mwajiri hukata pesa za watu: SHIF ya matibabu, NSSF ya uzeeni, ada ya nyumba na kodi ya PAYE. Pesa hizo si zake, amezishika tu mpaka azipeleke. Katika leja hukaa kwenye akaunti ya udhibiti wa mishahara, kila kato na akaunti yake ndogo. Makato yakiingia, akaunti hupewa krediti, na yakilipwa hupewa debiti. Baada ya malipo ya mwezi huo kuingizwa, kila akaunti ndogo yapasa isome sifuri.

Isiposoma sifuri, mimi hutazama kwanza baki liko upande gani. Krediti iliyobaki baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka SHIF na NSSF, ina maana mfanyakazi amekatwa na pesa hazijafika. Hiyo ni ya kushughulikiwa siku hiyohiyo, maana mwenyewe atakuja kujua akiwa dirishani hospitalini. Baki la debiti ni kinyume chake: kilicholipwa kimezidi kilichoandikwa, na mara nyingi leja ndiyo yenye upungufu.

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo ya ufuoni yenye wafanyakazi 20, kila mmoja mshahara wa jumla shilingi 30,000. Slipu ya kila mmoja inaonyesha SHIF 825 (asilimia 2.75), NSSF 1,800 (asilimia 6) na ada ya nyumba 450 (asilimia 1.5). Mwajiri naye anaongeza kiasi sawa na cha mfanyakazi kwenye NSSF na ada ya nyumba. Kwenye SHIF haongezi kitu. Kwa hiyo risiti za malipo ni SHIF 16,500, NSSF 72,000 na ada ya nyumba 18,000. Leja, baada ya malipo hayo, imebaki na debiti tatu: SHIF 825, NSSF 3,600 na ada ya nyumba 9,450.

Anza na SHIF kwa sababu haina sehemu ya mwajiri ya kuchanganya hesabu. 825 ni kato la mtu mmoja kamili, basi kuna mtu yuko kwenye slipu na hayuko kwenye leja. Jaribu dhana hiyo kwenye NSSF: 1,800 ya mfanyakazi na 1,800 ya mwajiri ni 3,600. Imekubali. Kwenye ada ya nyumba mtu mmoja anaeleza 450 peke yake, na 9,000 zinabaki. Hizo ni 450 mara 20, yaani sehemu ya mwajiri kwa wafanyakazi wote haikuandikwa kabisa.

Sasa ndipo ufungue makaratasi, ukijua unachotafuta. Linganisha majina ya slipu na majina ya orodha iliyotumika kuandika leja. Katika mfano huu mhudumu mpya aliongezwa baada ya leja kuandikwa kwa watu 19, kisha slipu zikatolewa kwa watu 20. Ada ya nyumba nayo iliandikwa kwa kunakili jumla ya makato ya wafanyakazi hao 19, bila sehemu ya mwajiri.

Marekebisho ni mawili. La kwanza ni la mhudumu: debiti gharama ya mishahara 30,000, krediti SHIF 825, NSSF 1,800, ada ya nyumba 450, PAYE yake, na kinachobaki kiende kwenye mshahara wa mkononi. La pili ni la mwajiri: debiti gharama zake 10,800, krediti NSSF 1,800 na ada ya nyumba 9,000. Akaunti zote tatu zitarudi sifuri.

PAYE mimi huiacha mwisho. Makato hayo matatu hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo kosa katika moja huisogeza PAYE pia, na ukianza nayo utafukuza kivuli.

Njia hii hufanya kazi vizuri mishahara ikilingana. Ikitofautiana, gawanya tofauti ya SHIF kwa 0.0275 upate mshahara wa mtu unayemtafuta, isipokuwa wale wa chini kabisa, ambao hulipa kima cha chini cha 300. Ukipata mshahara usio wa mtu yeyote, huenda makosa ni zaidi ya moja, nawe linganisha jina kwa jina. Lakini usiitupe tofauti kwenye akaunti ya muda ili hesabu zifunge. Leja itanyamaza, na mwezi ujao 9,000 ileile ya ada ya nyumba itajitokeza tena.