Unukuzi wa tiketi ya reli kutoka kwenye picha

Unukuzi wa tiketi ya reli kutoka kwenye picha ni kazi ya kuandika upya, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu, kila kilichomo kwenye tiketi ya zamani ambayo mnukuzi anaiona kwa njia ya picha tu. Kazi hii ina ugumu wake kwa sababu tiketi iliyotumika si karatasi yenye maandishi tu. Imechapwa, ikapigwa namba, ikagongwa tarehe, ikatobolewa, na mara nyingi ikachanwa sehemu. Kila tendo kati ya hayo lilifanywa na mtu mwingine kwa wakati mwingine, na kila moja limeacha alama yake juu ya zile zilizotangulia.

Makala hii inaeleza tiketi za mtindo wa Edmondson, ambazo ndizo nyingi katika makumbusho na katika mikusanyo ya watu binafsi.

Tiketi yenyewe

Thomas Edmondson (1792 - 1851) alikuwa fundi seremala Mwingereza aliyepata kazi ya kituo cha reli kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 1830. Wakati ule karani aliandika kila tiketi kwa mkono, na ilikuwa vigumu kujua kama fedha zote zilifika kwa kampuni. Edmondson alibuni kadi ndogo ya karatasi nene, yenye urefu wa takriban milimita 57 na upana wa takriban milimita 30, ambayo huchapwa mapema ikiwa na majina ya vituo na daraja, kisha hupigwa namba ya mfululizo. Alibuni pia mashine ya kugonga tarehe wakati wa kuuza. Mtindo huo ulienea katika nchi nyingi, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki, na shirika la reli la Uingereza liliuacha mwaka 1990.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mfululizo ulianza na 0000, si 0001. Kwa hiyo namba ya tiketi iliyo mbele katika rafu ya karani ilikuwa sawa na idadi ya tiketi zilizokwisha kuuzwa kutoka bunda lile. Karani alipofunga hesabu ya siku, alitoa namba ya kuanzia katika namba ya kumalizia, akapata idadi ya abiria na fedha anazopaswa kuwa nazo. Hii ndiyo sababu mnukuzi hawezi kuichukulia namba ya mfululizo kama pambo: ndiyo inayounganisha tiketi na daftari la kituo.

Tundu ni habari, si uharibifu tu

Wanaoanza kazi hii huwa na tabia ya kuandika "tiketi imeharibika" wanapoona tundu. Ukweli ni kwamba mkaguzi alitoboa kwa makusudi, kwa koleo la kutobolea, ili tiketi isitumike tena na ili ijulikane imekaguliwa. Makoleo yalikuwa na maumbo mbalimbali: duara, pembetatu, nusu mwezi na mengine, na umbo liliweza kuonyesha ni kituo gani au mkaguzi gani aliyetoboa. Kwa hiyo mnukuzi huandika umbo la tundu, ukubwa wake, na mahali lilipo, hata kama hajui lilikuwa la nani. Asibuni jina la kituo kutokana na umbo tu, kwani bila orodha ya makoleo ya reli ile, pembetatu ni pembetatu basi.

Lakini tundu lile lile limeondoa pia herufi zilizokuwa mahali pake. Hapo mnukuzi ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kueleza tundu, na kuonyesha kilichopotea.

Kabla ya hayo inabidi kuhakikisha kwamba doa analoliona ni tundu kweli. Kama tiketi ilipigwa picha juu ya kitambaa cheusi, tundu huonekana jeusi kama wino. Njia ya uhakika ni kuwa na picha ya pande zote mbili. Tundu lililo milimita 12 kutoka ukingo wa kushoto kwa mbele lazima liwe milimita 12 kutoka ukingo wa kulia kwa nyuma, kwa kimo kile kile. Doa la wino halitokei upande wa pili kwa namna hiyo. Anayepiga picha mwenyewe afanye jambo rahisi: aweke chini ya tiketi karatasi ya rangi ambayo haimo kwenye tiketi, na rula kando yake.

Ukingo uliochanwa na ukingo uliokatwa

Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa kadi moja yenye nusu mbili. Nusu ya kwenda ilichanwa na kuchukuliwa mwisho wa safari ya kwanza, na abiria akabaki na nusu ya kurudi. Namba ya mfululizo ilipigwa katika nusu zote mbili ili ziweze kulinganishwa baadaye. Anayekuta nusu moja asiandike kwamba tiketi "haijakamilika". Aandike ni nusu ipi, na upande gani umechanwa.

Ukingo uliochanwa hujulikana kwa nyuzi za karatasi zinazochomoza na kwa rangi ya ndani ya kadi, ambayo mara nyingi ni nyeupe au ya kijivu kuliko uso. Ukingo uliokatwa kwa mkasi umenyooka na hauna nyuzi. Tofauti hii ina maana. Reli nyingi zilizofuata mtindo huu hazikuchapa tiketi za watoto kwa kila safari. Karani alichukua tiketi ya mtu mzima, akakata kipande cha pembeni, akauza iliyobaki kwa nauli ya mtoto, na kuhifadhi kipande hicho kama ushahidi wa hesabu yake. Kona iliyokatwa kwa unyoofu kwenye tiketi ya zamani basi yaweza kutuambia kwamba msafiri alikuwa mtoto. Mnukuzi anayeandika "kona imechakaa" amempoteza mtoto huyo katika kumbukumbu.

Mfano: nusu ya kurudi, Korogwe hadi Tanga

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya makala, lakini vituo ni vya kweli katika reli ya Tanga hadi Moshi. Picha inaonyesha nusu ya tiketi iliyochanwa upande wa kulia. Ina matundu mawili, la duara na la pembetatu. Namba ya mfululizo imepigwa kwa wino mwekundu, ikaangukia juu ya neno KURUDI lililochapwa kwa wino mweusi.

Mstari wa pili unasomeka KOR, kisha tundu la duara, kisha WE. Rula inaonyesha kwamba tundu lina kipenyo cha milimita 4, na herufi tatu za KOR zinachukua milimita 6. Tundu basi limekula herufi mbili. Katika reli hiyo kituo kinachoanza na KOR na kuishia na WE ni Korogwe peke yake, kwa hiyo herufi OG zinaweza kujazwa, mradi ziwekwe ndani ya mabano ya mraba ili msomaji ajue hazionekani.

Katika mstari wa nauli tundu la pembetatu limeondoa tarakimu moja: Sh. 2/, tundu, 0. Hapa hairuhusiwi kujaza. Huenda ilikuwa 2/50, huenda ilikuwa 2/00 au nyingine yoyote, na hakuna kitu kwenye tiketi kinachoamua. Huwekwa nukta moja ndani ya mabano, maana yake tarakimu moja imepotea na haijulikani. Alama hizi zinatokana na kanuni za Leiden za mwaka 1931, zilizowekwa na wataalamu wa maandishi ya kale kwa ajili ya mafunjo na mawe, nazo zinafaa kwa tiketi bila kubadilishwa.

Tatizo kubwa ni namba. Kwa macho inasomeka 0486. Lakini tarakimu ya tatu imekaa juu kabisa ya herufi I ya neno KURUDI, na upande wa kushoto wa tarakimu hiyo ni mnyoofu kuliko inavyotarajiwa kwa 8. Kwa kuwa wino ni wa rangi mbili, picha inaweza kutenganishwa. Programu ya ImageMagick hufanya hivyo kwa amri mbili:

```
magick tiketi.jpg -channel R -separate r.png
magick tiketi.jpg -channel G -separate g.png
```

Katika r.png wino mwekundu hufifia hadi karibu kutoweka, na KURUDI hubaki peke yake. Katika g.png wino zote mbili huonekana nyeusi. Picha hizi mbili zikiwekwa sambamba, inaonekana kwamba ile sehemu nyoofu imo pia katika r.png: ni shina la I. Likiondolewa, tarakimu iko wazi upande wa kushoto. Ni 3, na namba ni 0436.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuseme daftari la kituo linaonyesha kwamba asubuhi ile uuzaji ulianza na 0400, na tiketi hii ndiyo ya mwisho kuuzwa siku hiyo. Kwa 0436 ziliuzwa tiketi 37. Kwa 0486 zingekuwa 87. Mtafiti angeona upungufu wa nauli 50 katika sanduku la karani, na kumtuhumu mtu ambaye hesabu yake ilikuwa sawa.

Nakala ya mwisho ni hii:

```
1  KURUDI
2  KOR[OG]WE HADI TANGA
3  DARAJA LA 3
4  Sh. 2/[.]0
N  0436
```

Herufi N inaonyesha kwamba namba si mstari wa maandishi bali imepigwa juu yake. Chini ya nakala huongezwa maelezo mafupi: N imepigwa kwa wino mwekundu juu ya mstari wa 1, tundu la duara katika mstari wa 2, tundu la pembetatu katika mstari wa 4, ukingo wa kulia umechanwa.

Mipaka ya njia hii

Kama namba na maandishi ni vya wino mweusi mmoja, kutenganisha rangi hakusaidii. Inabidi kutafuta tiketi nyingine iliyochapwa kwa bamba lile lile, ili kujua shina la I linaanzia na kuishia wapi. Isipopatikana, tarakimu yenye shaka huwekewa nukta chini yake, na usomaji wa pili hutajwa katika maelezo.

Tarehe ina bahati zaidi. Mashine ya tarehe iligandamiza kadi, kwa hiyo hata wino ukififia bonde la tarakimu hubaki. Huonekana picha ikipigwa upya kwa taa iliyolazwa upande mmoja, karibu usawa wa meza. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa mbele, na hasa iliyotolewa kwa skana, haionyeshi bonde hilo, na hakuna programu inayoweza kulirudisha.

Mwisho, namba ihifadhiwe kama maandishi. Programu za majedwali hufuta sifuri ya mwanzo, na 0436 ikawa 436. Tiketi ya kwanza ya bunda, 0000, hubaki 0 tupu, na aghalabu mtu anayesafisha jedwali huiona kama kisanduku kisichojazwa akaifuta.