Ngurumo Inapokatika

Hadithi yangu ya kwanza ya kutisha ilikuwa na simba katika aya ya pili. Nilimweka Gorong'a, kwetu, usiku, amemkamata mchunga ng'ombe. Nikamsomea rafiki yangu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama bado kuna chai. Hakuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimemaliza kila kitu kabla hajapata nafasi ya kuogopa.

Jibu la tatizo hilo nililipata kwenye historia. Machi 1898 John Henry Patterson alifika Tsavo, Kenya ya leo, kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda. Simba wawili wakawa wanachukua wafanyakazi usiku, wengi wao Wahindi, hadi wakauawa Desemba mwaka huohuo. Kitabu alichoandika kuhusu mkasa huo kilitoka 1907. Yeye alikuwa mhandisi na mwanajeshi, hakuwa mtunzi wa hadithi, lakini mpangilio wake wa matukio ni darasa tosha.

Tazama anavyoanza. Mtu mmoja au wawili wanapotea kambini. Wenzao wanasema ni simba. Patterson haamini, anadhani wameuawa na watu wabaya kwa ajili ya fedha zao. Hapo hakuna damu wala meno, kuna maelezo ya kawaida tu yanayokubalika. Lakini sisi wasomaji tunajua kwamba amekosea, na kila usiku anaolala kwa amani unatuumiza sisi. Wiki kama tatu baada ya kufika, jemadari Ungan Singh anaburutwa kutoka hemani, mwenzake akishuhudia. Asubuhi alama ziko mchangani. Yale maelezo ya kawaida yamekufa, na msomaji hana tena pa kujificha.

Somo la pili liko kwenye sauti. Patterson anaeleza kwamba simba walinguruma wakiwa mbali, na ngurumo ikazidi kusogea. Walipokaribia kambi, ikakatika kabisa. Hapo ndipo watu walipojua kwamba mawindo yameanza, na kelele za kuonyana zikapita kambi hadi kambi. Angalia alichofanya: kwanza ametufundisha maana ya ngurumo, halafu ameiondoa. Kimya hakimtishi mtu ambaye hakufundishwa kukisikiliza. Ukianza hadithi na kimya, msomaji ataona ni usiku mtulivu tu.

La tatu: anakesha mtini na bunduki karibu na mahali mtu wa mwisho alipochukuliwa, halafu mayowe yanatoka kambi nyingine. Anayesubiri mlango mmoja anapigwa kwa mwingine. Ila hila hii ina kikomo. Ukiitumia mara nyingi, msomaji anaanza kukisia na hofu inageuka mchezo wa kubahatisha. Katika hadithi fupi, mara moja inatosha.

Basi nikairudia hadithi yangu, maneno 1,500. Simba nikamwondoa. Mwanzoni mbwa wa mji hali chakula. Baba anasema ameumwa na nyoka wa kawaida, atapona. Baadaye kidogo ng'ombe wanakataa kutoka zizini asubuhi, na baba hana tena la kusema, anakunja uso tu. Katikati nikaweka kengele ya fahali kiongozi. Mke wa nyumba anaisikia kila usiku akijilaza, fahali akijigeuza, na ndiyo inayomwambia kwamba zizi liko salama. Niliitaja mara tatu, kwa sentensi fupi, bila kuipamba. Kwenye neno la 900 hivi, mama yuko kitandani na kengele haisikiki. Sentensi inayofuata inamhusu mtoto anayeomba maji. Ndipo mama anajibu kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Niliisoma tena kwa yule rafiki. Alipofika kwenye kengele akainua mkono nisiendelee, akageuka kuangalia mlango. Mlango ulikuwa umefungwa.

Jaribio ninalotumia sasa ni rahisi. Nafuta tukio la kitisho chenyewe na kusoma yaliyobaki. Kama kurasa za mwanzo hazinikoseshi raha bila hilo tukio, mnyama hatazisaidia. Na jambo moja nisilisahau: Patterson alitaja waliouawa 135, lakini utafiti wa 2009 uliochunguza mabaki ya simba hao ulikadiria kama 35. Idadi imepungua sana, ila usiku wa Tsavo haujapungua uzito. Waliokuwa hemani walisikiliza ngurumo ile ile, na wakangoja ikatike.